Wateja Wangapi Wameondoka Mwezi Huu? Kuhesabu kwa Rekodi za Vifurushi na Kumweleza Mwenye Biashara

Mteja anayelipia intaneti ya nyumbani kwa kifurushi cha siku 30 haagi anapoondoka. Haandiki barua ya kusitisha huduma, hapigi simu ofisini, na mara nyingi hata kifaa alichofungiwa juu ya paa hakirudishi. Kifurushi chake kinaisha, siku zinapita, na katika rekodi hakuna kinachoongezeka. Kuondoka kwake hakuna mstari wake katika jedwali, na ugumu wote wa kuhesabu kiwango cha kuondoka kwa wateja katika biashara ya malipo ya kabla unaanzia hapo, kwa sababu tunatakiwa kuhesabu jambo ambalo halikuandikwa kwa kutazama yale yaliyoandikwa.

Nitatumia mfano wa mtoa huduma mdogo wa intaneti mjini Morogoro, wa aina ambayo sasa inapatikana katika miji mingi: ana mnara mmoja au miwili, mafundi wachache, wateja mia nne hivi, na kifurushi cha aina moja tu, shilingi 30,000 kwa siku 30, kinacholipwa kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Namba zote za mfano huu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike vizuri, lakini makosa nitakayoyaonyesha ni yale yale yanayojitokeza kila mara mtu anapofungua rekodi za namna hii kwa mara ya kwanza.

Jedwali lenyewe ni jepesi. Kila malipo yana mstari wake wenye vitu vitatu tunavyovihitaji: utambulisho wa mteja, tarehe kifurushi kilipoanza, na tarehe kitakapokatika. Hesabu nayo, kwa maneno, ni nyepesi vilevile. Unahesabu wateja uliokuwa nao siku ya kwanza ya mwezi, unahesabu wangapi miongoni mwa hao hao waliondoka kabla mwezi haujaisha, kisha unagawanya idadi ya pili kwa ya kwanza. Maneno mawili katika sentensi hiyo ndiyo yanayobeba mzigo wote, nayo ni «wateja» na «waliondoka».

Tuanze na kile ambacho wengi hufanya. Tarehe 1 Aprili 2025 asubuhi, mtu wa hesabu anafungua rekodi na kukuta kwamba tarehe 1 Machi kulikuwa na akaunti 412 zinazohesabiwa kuwa hai. Anatafuta ni ngapi kati ya hizo hazina kifurushi leo, anapata 58, anagawanya, na kumwandikia mwenye biashara kwamba mwezi Machi amepoteza asilimia 14 ya wateja wake. Mama mwenye biashara anashtuka, na ana haki ya kushtuka, kwa maana asilimia 14 kwa mwezi ni biashara inayomwagika. Ila namba hiyo si ya kweli, na ili kuona kwa nini si ya kweli inatubidi tuwatazame wale 58 mmoja mmoja.

Wanne kati yao hawakuwahi kuwa wateja. Ni akaunti ambazo mafundi walizifungua kwa ajili ya kujaribu vifaa, na muda wake ukaisha. Akaunti kama hizo hujificha kwa urahisi kwa sababu katika jedwali zinafanana na nyingine zote. Dalili yake ni kwamba zina kiasi cha sifuri kwenye safu ya malipo, au zimewekwa muda kwa mkono bila kumbukumbu ya muamala. Ukizitafuta kwa dalili hiyo utazikuta na nyingine ambazo bado ziko hai, kama vile akaunti ya ofisi yenyewe, za nyumba za mafundi, na za majirani waliopewa huduma bure kwa sababu mnara uko kwenye kiwanja chao. Katika mfano wetu zote pamoja ni 12. Zinatakiwa kuondolewa juu na chini, yaani katika idadi ya walioondoka na pia katika idadi ya walioanza mwezi, na hivyo walioanza mwezi wanabaki 400 badala ya 412.

Wanane wengine hawakwenda popote. Mfumo wa huduma ulikuwa unamtambua mteja kwa namba ya simu iliyofanya malipo. Mteja aliyezoea kulipa kwa laini yake ya M-Pesa akaishiwa salio akalipa kwa Airtel Money, au mume aliyekuwa analipa akasafiri na mke akalipa kwa simu yake, na mfumo ukafungua akaunti mpya. Ndani ya nyumba intaneti inaendelea kuwaka kama jana, lakini katika rekodi kuna mteja mmoja aliyeondoka na mwingine mpya aliyeingia. Kosa hili ni baya kuliko linavyoonekana, kwa kuwa linavimbisha pande mbili kwa pamoja: walioondoka wanaongezeka na walioingia wanaongezeka kwa idadi ile ile, jumla haibadiliki, na hivyo hakuna anayeshtuka. Namna ya kuligundua ni kutafuta akaunti mpya zilizoanza siku chache kabla au baada ya akaunti ya zamani kukatika, zikitumia kifaa kile kile cha kupokelea mawimbi. Kifaa kina anwani yake ya kudumu ambayo mfumo unaiona, na anwani hiyo ni utambulisho bora wa mteja kuliko namba ya simu, kwa sababu kifaa kimefungwa juu ya nyumba na hakihami kwa urahisi.

Baada ya kuwatoa wanne na wanane wanabaki 46, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Je, mtu ambaye kifurushi chake kilikatika tarehe 27 Machi na hajalipa hadi tarehe 1 Aprili ameondoka, au amechelewa? Siku hiyo ya tarehe 1 hakuna anayeweza kujua, hata yeye mwenyewe huenda hajui. Mwajiriwa ambaye kifurushi chake huisha tarehe 19 huenda akasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, akakaa gizani siku saba au nane kisha akarudi, bila kuwa na nia yoyote ya kuhama. Kumwita ameondoka, kisha kumwita mteja mpya, ni kumsingizia. Kwa hiyo tunahitaji siku za subira, yaani idadi ya siku tunazokubali kumngojea kabla ya kumwandika kuwa ameondoka.

Idadi hiyo haifai kubuniwa mezani, maana rekodi zenyewe zinaisema. Chukua miezi ya nyuma ambayo matokeo yake yameshajulikana, kwa mfano Septemba hadi Desemba 2024. Kwa kila kifurushi kilichokatika kisha mteja akarudi kulipa, hesabu siku zilizopita katikati. Katika Excel inatosha kupanga rekodi kwa mteja na kisha kwa tarehe ya kuanza, safu A ikiwa ya mteja, B ya kuanza na C ya kukatika, halafu uandike kwenye mstari wa pili na kuiburuta chini:

```
=IF(A3=A2, B3-C2, "hakurudi")
```

Safu inayotokea ni ya kuisoma taratibu, kwa sababu tabia ya wateja wako imeandikwa humo. Tuseme katika kila mara 100 ambazo mteja alirudi, mara 71 alilipa ndani ya siku 2, mara 88 ndani ya siku 5, na mara 96 ndani ya siku 10. Zile 4 zilizobaki zimetawanyika, mmoja baada ya wiki tatu, mwingine baada ya miezi miwili. Hapo unaona kwamba baada ya siku ya 10 kungoja hakuleti tena watu wa maana, na ndiyo maana katika mfano huu siku za subira ni 10. Biashara nyingine ingeweza kupata 5 au 20, na anayeuza vifurushi vya wiki pamoja na vya mwezi atahitaji kupima kila aina peke yake, kwa kuwa mtu wa kifurushi cha wiki huwasha na kuzima huduma kwa mpangilio tofauti kabisa.

Sasa maana zetu zimekamilika na zinaweza kuandikwa. Mteja wa tarehe 1 Machi ni yule ambaye siku hiyo alikuwa na kifurushi, au kifurushi chake kilikuwa kimekatika lakini alilipa tena ndani ya siku 10 tangu kukatika. Aliyeondoka mwezi Machi ni mteja wa namna hiyo ambaye kifurushi chake kilikatika ndani ya Machi na siku 10 zikapita bila malipo mapya, na tarehe ya kuondoka kwake ni siku kifurushi kilipokatika. Kwa anayetumia kanzidata ya PostgreSQL, maana hizo mbili zinakuwa hivi:

```sql
WITH v AS (
  SELECT mteja, mwanzo, mwisho,
         LEAD(mwanzo) OVER (PARTITION BY mteja
                            ORDER BY mwanzo) AS ijayo
  FROM vifurushi
), walioanza AS (
  SELECT DISTINCT mteja FROM v
  WHERE mwanzo < DATE '2025-03-01'
    AND (mwisho >= DATE '2025-03-01'
         OR (ijayo >= DATE '2025-03-01'
             AND ijayo - mwisho <= 10))
), walioondoka AS (
  SELECT DISTINCT mteja FROM v JOIN walioanza USING (mteja)
  WHERE mwisho >= DATE '2025-03-01'
    AND mwisho <  DATE '2025-04-01'
    AND (ijayo IS NULL OR ijayo - mwisho > 10)
)
SELECT (SELECT COUNT(*) FROM walioanza)   AS walioanza,
       (SELECT COUNT(*) FROM walioondoka) AS walioondoka;
```

Sehemu ya kwanza inaweka kando ya kila kifurushi tarehe ya kifurushi kilichofuata cha mteja yule yule, na sehemu nyingine zote zinalinganisha tarehe tu. Neno la kuangalia ni `ijayo IS NULL`, linalomaanisha kwamba mteja hajalipa tena. Kauli hiyo ina maana tarehe 11 Aprili, lakini haina maana tarehe 1 Aprili, kwa sababu aliyekatika tarehe 31 Machi bado ana siku zake 10 za kusubiriwa. Anayetoa ripoti mapema atawahesabu wachelewaji wote wa mwisho wa mwezi kuwa wameondoka, na kila mwezi mpya utaonekana mbaya kuliko uliopita, kisha utakuwa mzuri wenyewe wiki mbili baadaye. Ukiona ripoti ambayo mwezi wa mwisho huporomoka kila mara huku miezi ya nyuma ikipanda kila inapotolewa upya, kwanza uliza ilitolewa siku gani.

Turudi kwa wale 46. Tulipongoja hadi tarehe 11 Aprili, 25 kati yao walikuwa wamelipa ndani ya siku zao 10, na 21 hawakuwa wamelipa. Kwa hao 21 tunaongeza wengine 3 ambao orodha ya kwanza haikuwaona kabisa: walikatika mwanzoni mwa Machi, wakakaa zaidi ya siku 10, kisha wakarudi kabla ya tarehe 1 Aprili. Kwa kanuni tuliyojiwekea hao waliondoka na wakarudi, na ninashauri waandikwe hivyo hivyo, katika safu yao ya waliorudi, kuliko kuwafuta katika idadi ya walioondoka kwa kuwa tu mwisho wao ulikuwa mwema. Ukianza kuwafuta, hesabu ya mwezi uliopita itakuwa inabadilika kila mtu wa zamani anaporejea, na hakuna ripoti itakayowahi kukaa imara. Walioondoka Machi basi ni 24 kati ya 400, yaani asilimia 6.

Kabla ya kuipeleka namba hiyo kwa mtu yeyote kuna jaribio moja ambalo sikubali kuliruka. Akaunti zilizoonekana kuwa mpya mwezi Machi zilikuwa 40, na tukiwatoa wale 8 waliobadilisha simu wanabaki wateja wapya 32. Tulianza na 400, tukatoa 24, tukaongeza 3 waliorudi na 32 wapya, tunapata 411. Sasa hesabu wateja wa tarehe 1 Aprili moja kwa moja kutoka kwenye rekodi, kwa kanuni ile ile uliyoitumia kwa tarehe 1 Machi, na usiangalie jibu la kwanza. Ikitoka 411, hesabu imefunga. Ikitoka 409 au 415, kuna watu waliohesabiwa mara mbili au waliodondoka njiani, na asilimia yako haifai kusemwa hadi uwapate. Makosa mengi niliyowahi kuyaona katika hesabu hizi yangegunduliwa na jaribio hili la dakika tano.

Kuna jambo jingine la kalenda ambalo wengi hawalitarajii. Kifurushi ni cha siku 30 lakini si miezi yote yenye siku 30. Mteja aliyelipa tarehe 30 Januari 2025 alikatika tarehe 1 Machi, na aliyelipa tarehe 31 Januari alikatika tarehe 2 Machi. Hao wote hawakuwa na siku ya kuamua katika Februari nzima, na kwa hiyo hawakuweza kuondoka Februari hata kama walitaka. Yule wa kwanza, akilipa tena tarehe 1 Machi, atakatika tarehe 31 Machi, kwa hiyo ndani ya Machi amekutana na uamuzi huo mara mbili. Februari itaonekana njema kidogo kuliko ilivyo, na Machi itabeba deni lake. Athari yenyewe ni ndogo, lakini mwenye biashara akiona kiwango kimepanda kutoka Februari hadi Machi na kumwita fundi mkuu kumkaripia, inafaa pawepo mtu wa kumwambia kwamba sehemu ya kupanda huko imeletwa na kalenda.

Sasa tumwendee mwenyewe. Ameijenga biashara kwa mikono yake, anawajua wateja wengi kwa majina, na hana haja ya kujua siku za subira zilipatikanaje. Ninachojifunga nacho ni kumpa sentensi moja inayohesabu watu, kwa maneno ambayo angeweza kumwambia mtu mwingine jioni bila kuyakosea: «Mama, kati ya kila wateja 100 tulioanza nao Machi, 6 kifurushi chao kiliisha na hawakulipa tena hata baada ya kuwangojea siku 10.» Neno asilimia linaweza kufuata baadaye. Sentensi hiyo imebeba kanuni nzima ndani yake, na akiipinga, kwa mfano akisema siku 10 ni chache kwa wateja wake, atakuwa anapinga jambo halisi tunaloweza kulifungua pamoja kwenye rekodi.

Swali lake la kwanza karibu kila mara litakuwa, «Mbona mara ya kwanza niliambiwa 14, mwanangu?» Swali hilo lijibiwe kwa ukamilifu, kwa orodha ile ile ya watu: hawa 4 walikuwa akaunti za majaribio, hawa 8 walibadilisha simu, hawa 25 walichelewa tu, hawa 3 hatukuwaona mara ya kwanza. Mwenye biashara akiona majina na kuyatambua, ataiamini namba ya pili kuliko angeiamini kwa maelezo yoyote ya kitaalamu. Na miezi yote ya nyuma irudiwe kwa kanuni mpya siku hiyo hiyo, ili asije akalinganisha Machi iliyohesabiwa kwa njia moja na Januari iliyohesabiwa kwa njia nyingine.

Swali la pili ni gumu zaidi: «Sita ni nyingi au chache?» Hapa kuna mtego wa kuzidisha. Sita kwa mwezi kwa miezi 12 inavutia kuitwa 72 kwa mwaka, na si sahihi, kwa kuwa kila mwezi wale 6 katika 100 wanatoka kwa waliobaki tu, ambao nao wanapungua. Kati ya 100 wanabaki 94. Mwezi wa pili wanaondoka 6 katika kila 100 ya hao 94, wanabaki karibu 88. Ukiendelea hivyo mara 12 unafika 48. Kwa hiyo kama kiwango kingekuwa hicho hicho kwa kila mteja, zaidi ya nusu ya watu alio nao leo wasingekuwepo mwakani mwezi kama huu. Kwa mwenye biashara aliyezoea kuona jumla ikipanda kutoka 400 hadi 411, habari hiyo ni nzito, kwa sababu jumla inayopanda inaficha kwamba mafundi wanapanda juu ya paa mara 24 kila mwezi ili tu kubaki pale pale.

Nimesema «kama kiwango kingekuwa hicho hicho kwa kila mteja», nami nimelisema kwa makusudi, kwa sababu si hivyo. Ukiwagawa wale 400 kwa muda waliokaa na huduma, 90 walikuwa ndani ya miezi yao mitatu ya kwanza na 310 walikuwa wamekaa zaidi. Kati ya wapya hao 90 waliondoka 15, ambao ni karibu 17 katika kila 100. Kati ya wakongwe 310 waliondoka 9, ambao hawafiki 3 katika kila 100. Asilimia 6 haimhusu yeyote kati yao. Ni wastani uliokaa katikati ya makundi mawili yenye tabia tofauti. Mkongwe kwa kiwango chake ana nafasi nzuri ya kuwepo mwakani, karibu 70 katika kila 100, na hivyo ile 48 niliyoitaja hapo juu ni ya kutisha kupita kiasi kwa wateja alio nao sasa, huku ikiwa ya upole kupita kiasi kwa aliyefungiwa huduma wiki iliyopita.

Katika kumweleza, hapa ndipo ninapokaa kwa muda mrefu zaidi, maana ndipo namba inapogusa fedha. Tuseme kumfungia mteja mmoja, kwa kifaa, waya na nauli ya fundi, kunaigharimu biashara shilingi 60,000 ambazo mteja hadaiwi. Mteja akilipa mwezi wa kwanza na wa pili amerudisha 60,000, bila kuhesabu gharama ya intaneti yenyewe ambayo biashara nayo inainunua. Anayeondoka baada ya mwezi wa pili hajaacha faida yoyote, hata kama kila alichodaiwa alikilipa kwa wakati. Mama huyu akisikia kwamba amepoteza 24, atafikiria shilingi 720,000 za mwezi unaokuja. Akisikia kwamba 15 kati yao ni watu ambao huenda bado hawajarudisha gharama ya kuwafungia, atafikiria jambo jingine kabisa, yaani kinachotokea kati ya siku fundi anaposhuka kwenye ngazi na siku mteja anapotakiwa kulipa kwa mara ya pili au ya tatu.

Mwezi unaofuata walioondoka wanaweza kuwa 28, naye atauliza tumekosea wapi. Kwa idadi ndogo kama hizi, watu wachache hupanda na kushuka bila sababu ya kibiashara: mmoja amehamishwa kikazi, mwingine kodi ya nyumba imeisha akahamia mtaa usiofikiwa na mnara. Kipimo cha mkono ninachokitumia ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi ya walioondoka na kukizidisha mara mbili. Kipeuo cha pili cha 24 ni karibu 5, mara mbili ni 10, kwa hiyo idadi yoyote kati ya 14 na 34 inaweza kutokea katika biashara ambayo haikubadilika chochote. Ninamwambia kwa lugha nyepesi kwamba 28 haijatuambia kitu, 40 ingetuambia, na 30 mara nne mfululizo pia ingetuambia. Vilevile mwezi ambao wanafunzi wa chuo wanafunga masomo na kurudi makwao ulinganishwe na mwezi kama huo wa mwaka jana, kwa kuwa mwezi unaoutangulia ulikuwa na watu ambao sasa hawapo mjini.

Swali lake la mwisho, «Kwa nini wanaondoka?», rekodi za vifurushi haziwezi kulijibu, na mtu wa hesabu asijaribu kulijibu kwa kubuni. Zinachoweza kufanya ni kumpunguzia watu wa kuulizwa. Ninachomwachia mezani ni karatasi moja yenye mistari 15 ya wale wapya walioondoka: namba ya simu, mtaa, tarehe ya kufungiwa, fundi aliyefunga, mnara aliounganishwa nao, na siku kifurushi cha mwisho kilipokatika, ikiwa imepangwa kwa mnara na kisha kwa fundi, na pembeni kuna safu tupu ya kuandika kila mmoja atakachosema akipigiwa.